Mtoto wa Ughaibuni Anaponyamaza: Mzazi Asome Nini Katika Ukimya Ule

Mama mmoja wa Kibosho, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ana kaunta buku ambamo tangu mwaka 2019 amekuwa akiandika kila simu aliyopigiwa na kitinda mimba wake aliyeko Texas, nchini Marekani. Kila mstari una tarehe, saa na idadi ya dakika walizozungumza, kwa mwandiko ule ule wa kutulia aliokuwa akiutumia ubaoni. Simu za mwaka wa kwanza zimejaza kurasa tatu. Za mwaka 2023 hazifiki hata nusu ukurasa, na mojawapo imeandikwa pembeni: "dk. 2, ana haraka." Aliponifunulia daftari hilo barazani kwake hakulia, wala hakumlaumu mtu. Aliniuliza tu, "Hivi huyu mtoto amenifuta?"

Nimesikia swali hilo kwa wazazi wengi wa huku Moshi na milimani, kwa maneno tofauti. Ninaliandikia makala haya kwa sababu naamini wengi wao wanajijibu vibaya, na jibu hilo baya linawaumiza mara mbili: kwanza linawatia uchungu, kisha linawafanya waseme maneno ambayo humsogeza mtoto mbali zaidi. Ukimya wa mtoto aliye mbali ni kama homa, ambayo kila anayeugua huihisi kwa namna moja ilhali yaliyoileta ni mbalimbali. Nitatumia habari za mama huyu, kwa ridhaa yake, kuonyesha yaliyokuwa ndani ya ukimya mmoja.

Tuanze na uchungu wenyewe, maana watu huupuuza. Majirani humwambia mama huyu ashukuru, kwa kuwa mtoto ni mzima, ana kazi, na pesa ya dawa hutumwa. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja linalopunguza maumivu. Mtu akifa, jamaa hukusanyika, kaburi huchimbwa kwenye kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, matanga hukaliwa na hatimaye huanuliwa, na aliyefiwa hujua kwamba kuna siku ya kuanza kuinuka. Mtoto aliyepotelea kwenye maisha ya mbali hana kaburi wala matanga, na mzazi wake haruhusiwi kuomboleza kwa kuwa hakuna aliyekufa. Mtafiti wa Marekani Pauline Boss, ambaye katika miaka ya 1970 alichunguza familia za wanajeshi waliotoweka katika vita vya Vietnam, aliona kwamba hali hii ni aina yake ya msiba: mpendwa hayupo kwa mwili lakini yupo moyoni, na kwa kuwa hakuna mwisho unaojulikana, huzuni hugandia pale pale. Baadaye aliwajumuisha humo hata jamaa za watu waliohamia nchi za mbali. Anachosisitiza ni kwamba aliyefikwa na hali hii asilazimishwe kuchagua jibu moja. Mwanangu yupo, na mwanangu hayupo; yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na mtu anaweza kuyabeba yote mawili.

Kwa mama huyu uzito unaongezeka kwa sababu mtoto mwenyewe ni wa mwisho na ni wa kiume. Kwa desturi ya Wachagga, kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki katika nyumba ya wazazi, akairithi na kuwatunza hadi mwisho wao. Kwa hiyo kila mwezi wa kumi na mbili, magari yanapopanda kutoka Dar es Salaam kwenda Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, na kila boma linapochinja mbuzi, nafasi iliyo wazi pale kwake ni ya mtu ambaye nyumba yenyewe ilikuwa ikimngoja.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawajalifikiria, nalo ni kwamba simu ya mkononi imebadili maana ya ukimya. Wazee wetu waliopeleka vijana kusoma ng'ambo katika miaka ya 1970 walipokea barua baada ya wiki kadhaa, na miezi mitatu bila barua ilikuwa hali ya kawaida, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba posta ina safari yake. Ukimya ule ulikuwa wa bahari na ndege. Leo mama anafungua WhatsApp na kuona chini ya jina la mwanawe neno moja, "online", na papo hapo anajua kwamba yu macho, simu i mkononi, na hakumpigia. Mama huyu aliniambia kwamba huingia kuangalia mara nne au tano kwa siku, na kwamba neno hilo humchoma kuliko siku nzima ya kutomwona kabisa. Hakuwa amejua kwamba mtu huonekana hivyo hata akiifungua WhatsApp kwa dakika moja, chooni au kwenye mapumziko ya kazi, ili kusoma zamu ya kesho.

Hapo ndipo tulipochukua kalamu. Nilimuuliza mwanawe anafanya kazi gani na saa ngapi, na ilibidi tumuulize dada yake aliyeko Dar es Salaam kwa kuwa mama hakuwa na uhakika. Tuliambiwa kwamba anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku, kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi. Tukachora safu mbili kwenye ukurasa mtupu wa kaunta buku, moja ya Kibosho na nyingine ya Texas, tukijua kwamba wakati wa baridi ya kule sisi tumewatangulia kwa saa 9.

Mama ana mazoea ya kupiga simu saa mbili na nusu usiku, taarifa ya habari inapomalizika na nyumba kutulia. Huko Texas inakuwa saa tano na nusu asubuhi. Mtu aliyetoka kazini saa moja asubuhi, akafika nyumbani, akala na kulala saa mbili na nusu, anakuwa katikati ya usingizi wake. Anaamka saa tisa alasiri, ambayo kwetu ni saa sita usiku. Hathubutu kupiga wakati huo, kwa kuwa anajua kwamba huku kwetu simu ya usiku wa manane hupokewa kwa moyo kudunda, ikidhaniwa ni ya msiba. Kisha anaingia kazini tena. Katika saa 24 kuna nafasi moja tu ambayo wote wawili wako macho na hakuna aliyebanwa: anapotoka zamu na kuelekea nyumbani, kama saa moja na nusu asubuhi yake, ambayo kwa mama ni saa kumi na nusu jioni.

Na nafasi hiyo haikai pale pale mwaka mzima. Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, wakati sisi hatubadilishi kamwe, hivyo tofauti hupungua kutoka saa 9 hadi 8. Saa kumi na nusu ya mama inageuka kuwa saa tisa na nusu alasiri, wakati ambao yuko shambani akikata majani ya ng'ombe na simu ameiacha ndani. Tulipolipekua daftari tuliona kwamba mara mbili, mwaka 2020 na 2021, simu zilipungua ghafla kuanzia mwezi wa tatu. Mama alikuwa ameandika, "Sijui nimemkosea nini Kwaresima hii." Hakuwa amemkosea lolote. Simu ilikuwa ikilia mezani, na baada ya kutopokewa mara tatu kijana akaacha.

Nimelieleza jambo la saa kwa kirefu kwa sababu ndilo rahisi kuliko yote kuligundua, na bado sijakutana na mzazi aliyewahi kulipigia hesabu. Hata hivyo, saa peke yake haziwezi kueleza kurasa tatu kugeuka nusu ukurasa. Mtu anayetamani kuzungumza huweza kuomba ruhusa dakika tano. Kwa hiyo ilibidi tuulize swali gumu zaidi: simu hii inamgharimu nini mtoto, mbali na muda?

Nilimwomba mama akumbuke simu tatu za mwisho zilivyokwenda. Ya kwanza ilianza kwa shikamoo na marahaba, ikafuatia "umetutupa mwanangu", kisha habari za paa la jikoni linalovuja, kisha karo ya mjukuu. Ya pili ilianza kwa "leo umekumbuka kuwa una mama". Ya tatu ndiyo ile ya dakika mbili. Hakuna neno baya hata moja hapo, na paa linavuja kweli. Lakini tukitazama kutoka upande wa pili, kila simu ilikuwa inafunguliwa kwa hukumu na kufungwa kwa hesabu. Mtoto mwenye pesa mwezi huo hupiga. Asiye nazo huahirisha hadi atakapopata, na kwa kuwa ameahirisha, lawama ya kuchelewa inaongezwa juu ya ile ya awali, na simu inayofuata inakuwa nzito kuliko iliyopita. Baada ya miezi mitatu anaitazama namba ya mama yake kama mtu anavyoitazama namba ya anayemdai. Hapo mapenzi hayajapungua. Bei ya simu ndiyo iliyopanda, na wanaoipandisha ni wote wawili bila kujua.

Watanzania walioko huko wana msemo wao wa "kubeba boksi", ukimaanisha kazi ngumu za mikono ambazo wengi huzifanya bila kuzitaja nyumbani. Kijana huyu aliondoka kwenda kusoma. Ada ilimshinda, akaacha chuo, na anachofanya usiku ni kuwaogesha, kuwageuza na kuwabadilisha nguo wazee wa watu wengine, akiwa na mama mwenye miaka 71 ambaye hajamshika mkono kwa miaka mingi. Dada yake alituambia kwamba aliwahi kusema hawezi kupiga simu nyumbani mara tu anapotoka kazini, kwa sababu sauti ya mama humkuta akiwa bado ananusa sabuni ya wagonjwa mikononi. Mama aliposikia hayo alinyamaza kwa muda mrefu. Alikuwa anadhani mwanawe ni mhasibu.

Halafu kuna makaratasi. Baba yake alifariki mwaka 2021, na kijana hakuja kuzika. Alitazama mazishi kwenye simu iliyoshikwa na binamu, picha ikigandaganda kila jeneza liliposogea kati ya migomba. Ukoo ulizungumza sana, na mama mwenyewe anakiri kwamba alizungumza pia. Ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba ombi lake la ukaazi lilikuwa bado linashughulikiwa, na kwa kawaida anayetoka Marekani katika hali hiyo bila kupata kwanza kibali cha safari huhesabiwa kuwa ameliacha ombi lake. Wapo walio katika hali mbaya zaidi: chini ya sheria ya uhamiaji ya nchi hiyo ya mwaka 1996, aliyekaa bila uhalali kwa zaidi ya siku 180 kisha akatoka anaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka 3, na aliyefikisha mwaka mmoja au zaidi anaweza kuzuiwa kwa miaka 10. Mtu wa namna hiyo akiambiwa "njoo hata wiki moja tu" anaombwa aache kila alichojenga, na mara nyingi haoni namna ya kueleza hilo bila kuonekana ameshindwa. Ananyamaza. Katika daftari, mstari uliofuata mazishi ulikuja baada ya miezi mitano.

Wala mzazi naye hasemi yote. Mama huyu alilazwa mara mbili kwa shinikizo la damu na akawakataza wanawe wengine wasimwambie mdogo wao, "asije akafanya kazi na mawazo". Ni huruma, lakini matokeo yake ni kwamba kila upande umemficha mwenzake jambo lililo kubwa zaidi maishani mwake, na kilichobaki cha kuzungumza ni salamu na hali ya hewa. Simu ya dakika mbili huwa ya dakika mbili kwa sababu yote yenye uzito yamefungiwa nje.

Sitaki kumfariji mzazi kwa uongo. Hata haya yote yakiondolewa, huenda mtoto asimhitaji mzazi kwa kiasi kile mzazi anachomhitaji. Mwaka 1971 watafiti wawili wa Marekani, Vern Bengtson na Joseph Kuypers, walieleza jambo ambalo limeonekana tena mara nyingi tangu hapo: ukiwauliza mzazi na mtoto wake mtu mzima wako karibu kiasi gani, mzazi hutaja ukaribu mkubwa kuliko anaoutaja mtoto. Sababu yake ni kwamba mzazi amewekeza humo maisha yake na anamwona mtoto kama mwendelezo wake, ilhali mtoto anahitaji kusimama peke yake ndipo awe mtu. Tofauti hiyo ipo hata kwa watoto wanaoishi nyumba ya pili. Umbali wa bara zima huifanya ionekane, lakini si umbali ulioizaa.

Na upo ukimya ambao si wa saa, wala wa bei, wala wa makaratasi. Namna ya kuutambua ni kutazama unamwelekea nani. Mtoto anayemjibu kila mtu kwa ufupi, na kwa kuchelewa, lakini anajibu, mara nyingi amechoka. Anayetuma pesa bila sauti kwa kawaida ana aibu au ana wajibu asioweza kuufurahia. Anayezungumza na dada yake kila wiki na kumkwepa baba yake peke yake ana jambo na baba, na baba huyo hana budi kujiuliza ni lipi, pengine akianzia miaka ya utotoni, kabla ya kuilaumu Marekani. Wapo pia wazazi waliokuwa wakali kupita kiasi, na watoto wao wameondoka ili wapumue. Kwao simu chache zaweza kuwa ndicho kiasi ambacho mtoto anaweza kukimudu kwa sasa.

Wa kuogopewa ni ukimya unaowaangukia wote kwa wakati mmoja: aliyekuwa akijibu haijibu tena familia, rafiki, wala wenzake wa kanisani au msikitini, na ujumbe unabaki na tiki moja. Huo usichukuliwe kuwa ni kiburi. Huweza kuwa ugonjwa, sonona, kukamatwa, au jambo baya zaidi. Hapo familia imtafute mtu anayeishi mji huo huo, iwaandikie ubalozi wetu wa nchi husika, na kwa Marekani mtu yeyote anaweza kuwaomba polisi wa mji anakoishi ndugu yake wapite nyumbani kumjulia hali, akiwa na anwani kamili. Chama cha Msalaba Mwekundu nacho kina huduma ya kuwatafuta jamaa waliopotezana kwa sababu za vita, maafa au uhamiaji. Anwani ndiyo ambayo familia nyingi hazina. Mama huyu hakuwa nayo. Tuliiomba kwa dada na kuiandika ndani ya jalada la daftari.

Kuhusu mtoto wake, ambaye hakuwa katika hatari hiyo, tulijaribu jambo moja tu. Mama aliacha kupiga saa mbili na nusu usiku, akaanza kutuma ujumbe wa sauti mfupi, mara moja kwa wiki, ambao mtoto angeusikiliza wakati wowote apendao. Kanuni mbili alizozikubali kwa shida zilikuwa kwamba ujumbe usiwe na ombi wala swali linalodai jibu, na usitaje alivyokaa kimya. Mahitaji ya pesa yalihamishiwa kwa dada, ili sauti ya mama isibebe bili tena. Ujumbe wa kwanza aliurekodi mara sita. Katika majaribio yote matano ya kwanza alijikuta akimalizia na "basi ukipata nafasi utukumbuke", na kila mara alijisikia, akafuta. Wa sita ulikuwa wa sekunde 40. Alisema mvua za vuli zimeanza, na ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na asubuhi ile mlima ulikuwa wazi wote hadi theluji ikaonekana.

Wiki tatu hakukuwa na jibu, na nilimwona akiumia. Wiki ya nne ilikuja picha ya sufuria: mtori, mzito mno, uliopikwa kwa ndizi za dukani ambazo mama aliona mara moja kwamba si za mtori. Hakukuwa na maneno. Mwezi uliofuata ilikuja sauti, dakika moja na nusu, gari likisikika nyuma yake. Mambo ya makaratasi na ya kazi bado hayajasemwa, na mama, ambaye sasa anayajua kupitia kwa binti yake, ameamua kungoja hadi yatoke kwa mwenyewe. Yeye naye alimweleza habari za shinikizo la damu, kwa sentensi moja, bila kuomba chochote. Siku hiyo kijana alipiga simu akiwa bado kwenye maegesho ya kazini.

Haji mwezi wa kumi na mbili huu, na huenda asije mwaka ujao. Mama hulia bado, hasa jioni, na nadhani ana haki ya kulia. Daftari analo, ila safu ya dakika ameipiga mstari, na mahali pake sasa anaandika kilichosemwa. Ya mwisho niliyoiona inasomeka: "Ameuliza kama parachichi la nyuma ya choo bado lipo. Nimemwambia lipo, na kwamba limezaa."